Zambarau Imestaafu

Jumatatu, 24 Novemba 2025

Habari kubwa! Mama Épiphanie, mama mzazi wa mpenzi wangu Kabagwira, amekubali kuniona. Jumapili hii, baada ya misa, chakula cha mchana nyumbani kwake Kicukiro. Kabagwira amenipigia mwenyewe saa nne, sauti ya chini, yuko kazini. Akasema mama ndiye atakayeamua kama wazee wangu waje kumposa kabla ya mwaka kwisha. Mama akikataa, basi. Hakuna rufaa. Miaka miwili ya mapenzi iko mikononi mwa mjane mmoja, mwalimu mstaafu, aliyefundisha shule ya msingi miaka thelathini na ambaye hunitazama kana kwamba nimesahau daftari.

Halafu habari mbaya. Bertrand! Anafanya kazi ofisi moja na Kabagwira. Mrefu. Manukato. Gari. Eti majuma mawili yaliyopita alipita kumsalimia mama "kama rafiki wa familia", akampelekea kitenge cha bluu. Bluu ya mbingu, na vinyota vyeupe. Mama alifurahi hadi akakivaa kanisani Jumapili iliyofuata. Nikauliza kwa nini afurahi hivyo kwa kitenge. Kabagwira akasema bluu ni rangi ya Bikira Maria, na mama yake yuko kwenye kikundi cha akina mama wa Bikira Maria tangu yeye hajazaliwa. Mjanja huyo! Mtu anayekanyaga kanisani Pasaka mpaka Pasaka!

Siku nzima nimekaa dukani bila kuuza hata kipande. Mimi, Salvator, muuza vitambaa wa Rwezamenyo, nishindwe kwa kitambaa! Wasichana wa shule ya msingi wamepita mchana na sare zao, magauni ya bluu, wakanisalimia, sikuwaitikia. Nilikuwa nawaza. Bluu imeshachukuliwa. Juu ya bluu kuna nini?

Saa kumi nikapata jibu. Zambarau! Nimesoma kwenye simu mpaka chaji ikaisha. Makaisari wa Rumi waliivaa wao tu. Ilitolewa kwa konokono wa baharini, maelfu ya konokono kwa vazi moja, na raia aliyejitia kuivaa alijitafutia kifo. Bertrand amempa rangi ya mbingu? Vizuri. Mimi nitampa rangi ya ikulu.

Jumanne, 25 Novemba

Nimeenda Masoro, kwenye ghala la vitambaa ambako Munyakazi ni karani. Mzee mpole, miwani imefungwa kwa uzi. Nikamwambia nataka zambarau, satini, ya kumshonea mama mkwe umushanana. Heshima kamili, lile vazi la kufunga begani wanalovaa akina mama kwenye harusi.

Akanitazama muda mrefu. Kisha akanipeleka nyuma kabisa. Mungu wangu! Majora kwa majora! Zambarau nzuri, laini, inang'aa, imejaa vumbi tu juu. Nikauliza bei. Bei ya kutupa! Nikashuku. Nikauliza kama ina tundu. Haina.

Munyakazi akasema, kwa Kiswahili chake kile, "Bwana, hii iko kitambaa ya Aprili." Akaeleza kwamba zamani, majuma ya kumbukumbu ya mauaji ya kimbari, watu wote walivaa zambarau. Mitandio, riboni, mabango, kila kitu. Halafu, miaka kama kumi na zaidi iliyopita, ikabadilishwa ikawa kijivu, kwa sababu zambarau ya msiba ilikuja na kanisa na wageni, ila kijivu ni majivu, na majivu wahenga wa hapa waliyajua. Mzigo huu ukabaki. Hajapata mtu wa kuununua.

Nikamwambia asante kwa historia. Mimi nilizaliwa Bujumbura, nikarudi kwenye nchi ya wazazi wangu 2015, na Aprili zote nilizoziona hapa ni za kijivu. Kwa hiyo mambo yako wazi. Kazi ya msiba imekabidhiwa kijivu. Zambarau imestaafu! Ni mtu huru, anaweza hata kwenda harusini. Munyakazi akatikisa kichwa, akakunja kitambaa taratibu mno, akanipa. Watu wa ghala hawajui biashara. Ndiyo maana wako ghalani.

Jumatano, 26 Novemba

Ismaël amekataa kushona!

Ismaël ni fundi cherehani, jirani yangu, vibaraza vyetu vimepakana, na kwa miaka minane tumegombana juu ya kila kitu kuanzia ufagio mpaka siasa za mpira. Nikamwekea zambarau mezani. Hakuigusa. Akauliza ni ya nani. Nikamwambia. Akavua tepu shingoni, jambo analofanya akisikia habari ya kifo, akauliza kama Kabagwira anajua. Nikasema hapana, ni zawadi ya kushtukiza. Akasema mjane wa umri ule, wa nchi hii, ana Aprili ngapi za zambarau mabegani mwake, nimehesabu? Nikamweleza habari ya kustaafu. Akasema rangi si mtumishi wa serikali. Sha! Wivu huo.

Akaniita ndani kwa mama yake, Bibi Swafiya, eti anipe akili. Bibi ana miaka themanini na kitu, macho makali, kahawa ya tangawizi. Nikaenda kwa ajili ya kahawa.

Bibi akasimulia habari za bibi yake mzaa mama, aliyetoka Ujiji na wafanyabiashara. Huyo alikua akiona kaniki, kitambaa cha bluu nzito hadi karibu nyeusi. Kaniki ilikuwa nguo ya watumwa wa kike na ya kazi za sulubu. Walipopata uhuru, wengi hawakutaka kuiona tena, wakakimbilia kanga za maua na rangi. Hata ilipokuwa ndiyo nguo rahisi dukani, bibi yake hakuiruhusu ivuke kizingiti. Lakini bluu ileile ikiwa nyepesi, ikiwa ushanga, aliwafunga watoto mkononi kuwakinga na jicho la hasidi. Bluu moja si bluu zote, akasema. Kabla ya kumpa mtu rangi, muulize amewahi kuivaa lini, na siku hiyo alikuwa anacheka au analia. Kama huwezi kumuuliza mwenyewe, muulize anayelala naye nyumba moja.

Nikasema asante, bibi. Akanipa ushanga mmoja wa bluu, niweke mfukoni Jumapili. Nimeuweka. Una faida, maana Bertrand ana jicho.

Kitambaa nimempelekea fundi mmoja Mkongo kule Kicukiro. Yeye haulizaulizi. Alipima kwa macho, akashona, akaimba. Fundi ndiye huyo!

Alhamisi, 27 Novemba

Leo nilipeleka vifurushi Masoro kwa mama mmoja Mchina, msimamizi wa kiwanda cha kushona nguo. Mfanyakazi wake anaolewa Jumamosi, akaniagiza nimfungie zawadi sita. Nikafunga kwa ustadi wangu wote: karatasi ya bluu, riboni nyeupe. Safi kama wingu.

Alipoziona alishika kifua! Akacheka, akaacha kucheka, akaniomba nizirudishe kwenye mfuko haraka kabla bi harusi hajaona. Akaeleza, huku mkalimani wake akihangaika, kwamba kwao bluu na nyeupe zikikutana hivyo ni mambo ya mazishi. Harusi ni nyekundu, au dhahabu. Nimekaa sakafuni saa nzima nikifungua na kufunga upya. Hakunikasirikia, hata akaniletea chai. Mama mwema.

Nikachukua nafasi kumuuliza: na zambarau? Akatabasamu. Akasema kasri kuu la wafalme wao wa zamani lina zambarau ndani ya jina lake. Unaona! Rumi na China, pande mbili za dunia, zimekubaliana na Salvator wa Rwezamenyo!

Ila pale pale fundi wa mashine, mwanamke kutoka Thailand, akaingilia maneno. Eti kwao, kwa desturi ya zamani, zambarau ilivaliwa na mjane anapomlilia mumewe. Nikamwambia pole. Thailand ni mbali sana.

Ijumaa, 28 Novemba

Nguo imekamilika. Ni malkia! Kimebaki kipande, fundi amenishonea tai. Nitalingana na mama mkwe. Hata Bertrand hakulinganisha.

Kabagwira kapiga simu jioni. Akauliza nimeandaa nini. Nikasema kitu kinachozidi bluu. Akasema mama anapenda vitu vidogo, asali kwa mfano, asali ya msitu wa Nyungwe ingetosha kabisa. Nikacheka. Asali! Nikamuuliza Bertrand alijuaje habari za bluu ya Bikira Maria. Akajibu kwamba Bertrand alimuuliza yeye, mchana, kwenye chai: mama anapenda rangi gani, na ipi asimletee?

Aliuliza! Mtu mzima anaangalizia mtihani wa jirani halafu anajisifu amepata mia! Nimekasirika mpaka chakula kimenishinda. Mimi siulizi. Mimi nagundua. Ningeuliza, zawadi ingekuwa ya Kabagwira, si yangu, na yule mama asingejua nimemfikiria siku saba mfululizo.

Maana nimemfikiria, jamani. Hilo naliandika hapa kwa sababu hakuna anayesoma. Mama yangu alifariki Bujumbura kabla sijamnunulia nguo hata moja ya maana. Namtaka Kabagwira, lakini pia nataka kusema "mama" na mtu aitike.

Jumamosi, 29 Novemba

Umuganda, kazi ya jamii ya kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mtaa mzima tumezibua mtaro. Ismaël kawekwa karibu nami na koleo lake, nikajua mahubiri yanakuja. Akachimba, akachimba tena. Mwishoni akasema kwa upole, jambo lililonitisha kuliko kelele zake, kwamba hanikatazi kwa wivu. Anataka nioe ili nipate mtu wa kugombana naye nyumbani, yeye apumzike. Akasema bado kuna saa ishirini na nne. Nipige simu moja tu. Swali moja tu.

Nikamwambia sikio langu ni zima. Akajibu kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Nikamrushia tope. Akanirushia. Mkuu wa mtaa akatutenganisha mbele ya watu.

Alasiri ameniletea chupa ya asali, maana mtaroni nilimsimulia ushauri wa Kabagwira. Nimeiweka kwenye mfuko chini ya nguo, ili asije akasema nimemdharau.

Jumapili, 30 Novemba

Nitaandika yote kwa mpangilio.

Misa saa nne. Nikaingia na tai yangu, mfuko mkononi, ushanga mfukoni. Kwaya ikaanza, nikageuka, na padre akaingia. AMEVAA ZAMBARAU! Kuanzia shingoni hadi miguuni! Na mbele ya altare mishumaa, mitatu kati ya minne zambarau! Nikakaribia kupiga makofi. Mbingu yenyewe imetia sahihi! Nikatafuta macho ya Kabagwira ng'ambo ya akina mama. Aliona tai yangu. Uso wake ukabadilika, akaweka mkono mdomoni. Nikadhani ni furaha.

Padre akasema leo ni mwanzo wa Majilio. Zambarau ni rangi ya toba na ya kungoja, akasema. Neno la toba lilinipita kama basi lililojaa.

Nyumbani. Ndizi, maharage, nyama ya mbuzi, kila kitu kitamu. Mama Épiphanie mwembamba, nywele nyeupe zimekatwa fupi, kitenge cha bluu cha Bertrand kiunoni. Alinihoji juu ya wazazi, sala, duka. Nilijibu vizuri! Alicheka mara mbili! Kabagwira alinikanyaga mguu chini ya meza nilipoinamia mfuko. Nikadhani ananihimiza.

Nikapiga magoti kidogo, nikatoa kwa mikono miwili.

Alifungua. Aliushika umushanana juu ya mapaja, akaupapasa upindo kwa kidole gumba, kwenda na kurudi. Kabagwira aliangalia sakafu.

Kisha mama akaongea, sauti ileile ya kawaida. Akasema alikuwa na mtandio wa rangi hii hii. Kila Aprili aliufunga begani kwa ajili ya mumewe na kaka zake wawili, akatembea nao na wenzake, akaufua, akaukausha ndani ya nyumba, akauweka. Miaka mingi. Kijivu kilipokuja, aliufua mara ya mwisho na kuufungia kwenye sanduku. Akajiambia rangi hii haitapanda tena begani kwake mpaka aiite yeye mwenyewe.

Nilitaka ardhi inimeze. Si aibu ya kuchekwa, hiyo naijua, nimeizoea. Niliona mkono wake ule juu ya kitambaa, na nikaelewa kwamba nimembebea Aprili nyumbani kwake, mwezi wa Novemba, nimeifungia riboni.

Akauliza kama hakuna aliyeniambia. Hapo ndipo uongo wangu wote mzuri ulipokuja mlangoni kwa foleni: fundi alikosea, dukani hakukuwa na rangi nyingine. Nikafungua mdomo, ukatoka ukweli. Nikasema waliniambia. Karani wa ghala aliniambia, Ismaël aliniambia mara mbili, Bibi Swafiya aliniambia kwa njia ya kaniki, hata mwanamke wa Thailand aliniambia. Nikasema nilidhani kwa kuwa kijivu kimechukua kazi, zambarau imestaafu. Kisha nikasema nisamehe, mama, na nikalia, mimi, na tai yangu.

Halafu mama akatoa sauti. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka! Anafuta macho na kucheka, anarudia: imestaafu, imestaafu. Mimi ndiye niliyestaafu, akasema, na bado kila mzazi ananisimamisha njiani kuniuliza habari ya mtoto wake. Rangi itastaafu vipi?

Akanipa kitambaa cha kujifuta. Akaniambia nivue tai. Nikavua. Akasema Bertrand aliuliza ndipo akaleta, na huo ni ustaarabu, anamshukuru. Mimi sikuuliza, na huo ni ukaidi. Lakini nimeulizwa nikasema kweli, na kwa miaka thelathini darasani hakupata wengi wa hivyo. Akasema zambarau si mbaya, ina mahali pake. Padre anatafuta kitambaa cha mimbari kwa Majilio, na umushanana ni kitambaa kirefu tu ukiufumua. Kwa hiyo utakwenda kanisani, utafanya kazi unayoijua.

Na mimi? Akasema nami pia nitafanya Majilio. Majuma manne ya toba na kungoja. Krismasi padre atavaa nyeupe. Nirudi siku hiyo, na wazee wangu wajiandae kusikia jibu.

Si hapana! SI HAPANA!

Chini ya mfuko akaiona asali. Akaonja kwa kidole. Akauliza nani aliyechagua. Nikasema Ismaël. Akasema huyo Ismaël nije naye.

Jumatatu, 1 Desemba

Nimemwambia Ismaël kila kitu. Hakucheka. Alinikumbatia, tepu ikaning'inia katikati yetu, kisha akaniambia nimwombe radhi kwa lile tope. Nimemwomba. Bibi Swafiya kanitumia kahawa. Kabagwira kaniandikia kwamba jana usiku mama alicheka peke yake chumbani, na kwamba ananipenda, na kwamba nisinunue kitu chochote bila kumuuliza. Herufi kubwa: KITU CHOCHOTE.

Nimeapa. Kuuliza si ujinga. Nimeiandika kwa chaki juu ya mlango wa duka.

Jumatano, 3 Desemba

Bahati imenirudia!

Nilikwenda Masoro kumshukuru Munyakazi tu, na kumwambia alisema kweli. Nikaona kwenye kona majora mapya. Bluu! Bluu ya kukolea, imara, haipauki, haikunjiki. Kiwanda fulani kilimaliza kazi ya mwanzo wa mwaka wa masomo, hiki kikabaki. Bei ya kutupa!

Nimekumbuka yote niliyofundishwa. Si zambarau: toba. Si bluu na nyeupe: mazishi ya Wachina. Si kaniki, kaniki ni karibu nyeusi na hii inang'aa mchana kweupe. Ni bluu, na mama anapenda bluu, amekivaa kitenge cha Bertrand kwa macho yangu. Hata kwenye bendera yetu bluu ni furaha na amani. Hapa hakuna la kuuliza, kila kitu kimeshajibiwa. Gauni la Krismasi, lenye kola nyeupe kidogo na mkanda nyuma, kwa mwalimu wa miaka thelathini!

Munyakazi alivua miwani akaanza kuniambia kitambaa hiki kilikuwa cha kushonea nini. Nikamsimamisha kwa heshima. Yaliyopita si ndwele.

Ismaël ameangalia jora, akaangalia barabara, akaketi, akavua tepu shingoni. Sijui ana nini. Nimelipeleka kwa yule Mkongo.

Kabagwira sijamwambia. Ni zawadi ya kushtukiza. Na dalili ni njema: nilipopita na jora begani, wasichana wa shule ya msingi walikuwa wanatoka. Waliliona, wakatazama magauni yao, wakatazama jora, wakacheka mpaka wakashikana. Safari hii niliwaitikia, nikawapungia mkono. Hakika rangi hii inaleta furaha.